Warsha kwanza au rekodi kwanza? Njia mbili za kuandika uchambuzi wa hali katika mpango mkakati wa SACCOS

Sura ya uchambuzi wa hali ndiyo inayobeba mpango mkakati wote, maana kila lengo linalofuata linatakiwa kuonyesha limetokana na kitu gani ndani yake. Vyama vingi vya akiba na mikopo huiandika kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni warsha: watu kati ya 15 na 25 wanakaa siku moja, karatasi kubwa nne zinabandikwa ukutani, na kila mtu anataja nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya chama. Ya pili inaanzia kabatini. Watu wawili au watatu wanapitia rekodi za miaka 3, wanaandika wanachokiona pamoja na ushahidi wake, kisha ndipo kikao kinaitwa kujadili.

Tutazilinganisha kwa mfano mmoja: SACCOS ya walimu wa wilaya moja Tanzania, wanachama wapatao 500, ikiandaa mpango wa miaka 5. Takwimu za chama hiki tumezitunga ili hesabu iweze kufuatwa mwanzo hadi mwisho, ila mwenendo wake atautambua yeyote aliyewahi kukaa kwenye bodi ya SACCOS ya mahali pa kazi.

| | Warsha kwanza | Rekodi kwanza |
|---|---|---|
| Muda | Siku 1 au 2 | Wiki 3 hadi 4, kikao cha nusu siku kikiwemo |
| Wanaohitajika | Bodi, kamati, watumishi, wanachama wachache | Mtunza hesabu, mjumbe wa Kamati ya Usimamizi, kisha kikao |
| Kinachopatikana | Mawazo mengi, mengine yakirudiana | Hoja chache, kila moja na namba yake |
| Inapokosea | Hoja hukubaliwa kwa sababu aliyeisema ana cheo | Yasiyoandikwa popote hayaonekani |
| Inafaa zaidi | Chama kipya, au rekodi zimeharibika | Chama chenye hesabu zilizokaguliwa miaka 3 |

Hoja ileile kwa njia mbili

Warsha karibu zote huanza na nguvu hii: "Tuna wanachama wengi na wanaongezeka." Haina anayeipinga, kwa sababu kila mtu ameona majina mapya yakiingia. Ukifungua daftari la wanachama, maneno hayo ni kweli. Chama chetu kilikuwa na wanachama 412 mwisho wa 2022, wakawa 455 mwisho wa 2023 na 498 mwisho wa 2024.

Anayeanza na rekodi hulitazama daftari hilo pamoja na leja ya akiba, na swali lake ni jingine: wangapi kati yao walichangia walau mara moja katika miezi 3 ya mwisho wa mwaka? Jibu ni 371, kisha 362, kisha 349. Kwa hiyo mwaka 2022 wanachama hai walikuwa asilimia 90 ya waliosajiliwa, na miaka miwili baadaye wakawa asilimia 70. Hoja iliyokuwa kwenye karatasi ya nguvu imehamia kwenye udhaifu, na hakuna aliyekuwa amedanganya. Warsha ilihesabu majina, leja ikahesabu fedha.

Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana hasa. Warsha inakupa sifa ya jumla, kama wengi, mzuri, mdogo au hafifu. Rekodi inakupa mwelekeo wa miaka 3, na mwelekeo ndio unaokuambia iwapo jambo linahitaji lengo jipya au linahitaji tu kuendelezwa. Namba ya mwaka mmoja haitoshi kwa kazi hii. Asilimia 70 peke yake haisemi kama chama kinapanda kutoka 55 au kinashuka kutoka 90.

Udhaifu unaosemwa vibaya huleta lengo lisilofaa

Hoja ya pili ambayo haikosi kwenye karatasi za ukutani ni "wanachama hawarejeshi mikopo." Lengo linalozaliwa na sentensi hiyo ni "kutoa elimu kwa wanachama kuhusu urejeshaji," na bajeti yake ni semina.

Tuitazame kwa rekodi. Mwisho wa 2024 mikopo iliyokuwa mikononi mwa wanachama ilikuwa shilingi milioni 620. Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilikuwa na salio la milioni 68.2, yaani asilimia 11. Vigezo vya PEARLS vya Baraza la Vyama vya Mikopo Duniani (WOCCU) vinataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5, kwa hiyo udhaifu upo kweli. Lakini igawe mikopo hiyo kwa namna inavyolipwa:

Inayolipwa kwa makato ya mshahara: milioni 540, iliyochelewa milioni 16.2, sawa na asilimia 3.

Inayolipwa kwa mkono: milioni 80, iliyochelewa milioni 52, sawa na asilimia 65.

Robo tatu ya tatizo iko kwenye kundi dogo. Toa majalada ya wakopaji hao wa mkono, ambao kwenye mfano wetu ni 41, na utaona kwamba 33 walianza wakilipa kwa makato, yakakatika walipostaafu au kuacha kazi huku mkopo ukiwa haujaisha. Soma fomu ya maombi ya mkopo: haina mahali pa kujaza tarehe ya kustaafu. Kamati ya Mikopo ilikuwa inampa mkopo wa miezi 36 mtu aliyebakiza miezi 18 kazini, bila kujua.

Udhaifu sasa unaandikwa hivi: "Asilimia 65 ya mikopo inayolipwa kwa mkono imechelewa zaidi ya siku 30 (taarifa ya umri wa mikopo, 31 Desemba 2024), kwa sababu fomu na taratibu za mikopo hazizingatii tarehe ya kustaafu ya mkopaji." Dawa yake ni kubadili fomu na kanuni moja ya sera ya mikopo. Semina ya wanachama wote isingewagusa hao 33, ambao wote walikwisha kuondoka kazini.

Kuna kosa moja la kihesabu la kuangalia sana hapa, kwa kuwa linaweza kuugeuza udhaifu huu ukaonekana nguvu. Mkopo ukichelewa, kinachohesabiwa ni salio lote la mkopo huo, si rejesho la mwezi lililokosekana tu. Mtunza hesabu akijumlisha marejesho yaliyokosekana peke yake anaweza kupata milioni 14, ambayo ni kama asilimia 2 ya mikopo yote, na bodi ikaandika kwamba urejeshaji ni mzuri. Utalitambua kosa hili kwa dalili mbili: asilimia ni ndogo mno huku orodha ya wadaiwa ikiwa ndefu, na kiasi kilichoandikwa kinalingana na jumla ya marejesho ya mwezi badala ya masalio. Linganisha pia na taarifa ya mkaguzi wa nje, iwe ya COASCO au ya kampuni ya ukaguzi iliyoidhinishwa. Mkaguzi akitaka zitengwe fedha nyingi kwa ajili ya mikopo chechefu kuliko unavyotarajia, hesabu yako ina kasoro.

Neno "changamoto" na kisanduku cha nne

Nyaraka nyingi za Kiswahili hukipa kisanduku cha nne jina la "changamoto" badala ya "vitisho". Ni neno laini, na ndani ya warsha lina madhara. Katika mazungumzo yetu ya kila siku changamoto ni tatizo lolote: mtandao kukatika ni changamoto, mhasibu kuumwa ni changamoto, wanachama kuchelewa vikaoni ni changamoto. Matokeo yake ni kwamba udhaifu wa ndani hujazwa kwenye kisanduku cha mambo ya nje, na chama kinajiondolea wajibu wa kuurekebisha. Tunapendekeza kichwa kiandikwe "vitisho kutoka nje", hata kama mwongozo mnaoufuata unasema changamoto.

Kipimo ni kimoja: chama kingefungwa kesho, je, jambo hili lingeendelea kuwepo wilayani? Likiendelea, ni la nje. Mikopo ya kwenye simu ingeendelea. Wakopeshaji wa kausha damu wangeendelea. "Upungufu wa fedha za kukopesha" ungekwisha siku ileile, kwa hiyo huo ni udhaifu.

Fursa nazo hupimwa hivyohivyo, na hapa warsha huanguka zaidi. "Kuanzisha mradi wa duka la vifaa vya shule" si fursa, ni wazo la mkakati. "Kupata wafadhili" ni matumaini. Fursa ni kitu kilichopo tayari, kinachoweza kuonyeshwa kwa hati. Mfano mzuri ni idadi ya walimu wilayani. Ofisi ya elimu ya halmashauri ikikupa barua inayoonyesha walimu 1,140, nawe una 498 kwenye daftari, kuna wasiopungua 642 ambao hawajajiunga. Tunasema wasiopungua kwa sababu baadhi ya waliomo daftarini wamestaafu na hawamo tena kwenye ile 1,140.

Fursa yenye mpaka

Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, itatajwa kwenye karibu kila mpango unaoandikwa sasa. Warsha itaandika "uwepo wa Benki ya Ushirika" na kusonga mbele. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila haikusaidii kuamua kitu.

Anayefanya kwa rekodi atahitaji mambo mawili kabla ya kuiandika. Kwanza ni barua au waraka wa benki wenye riba, muda wa kulipa na dhamana inayotakiwa. Pili ni nafasi ya chama chenyewe kukopa. Vigezo vya PEARLS vinataka mikopo ya nje isizidi asilimia 5 ya mali zote. Chama chenye mali za milioni 710 kina nafasi ya milioni 35.5 tu, na kama tayari kinadaiwa milioni 20 na benki nyingine, imebaki milioni 15.5. Zaidi ya hapo kuna ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mkutano Mkuu, ambao lazima uangaliwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mwisho. Fursa iliyoonekana kubwa ukutani inageuka kuwa mikopo mitatu ya milioni 5. Bado ni fursa, ila haiwezi kuwa nguzo ya mpango wa miaka 5, na ni afadhali bodi ilijue hilo wakati huu kuliko mwaka wa pili wa utekelezaji.

Ushahidi wa kitisho uko ndani ya majalada yenu

Watu hudhani vitisho havina rekodi kwa kuwa viko nje. Warsha huandika "ushindani kutoka taasisi nyingine za fedha," na kila aliyepo huitikia kwa kichwa. Kumbe kila mwanachama aliyeomba mkopo aliambatisha slipu ya mshahara, na slipu inaonyesha makato yote. Ushindani umeandikwa pale mstari kwa mstari.

Chukua maombi yote ya mwaka mmoja, tuseme 180. Yapange kwa tarehe, kisha chukua moja katika kila matatu, ili usichague unayoyataka. Kwenye slipu 60 utakazopata, hesabu vitu viwili: wangapi wana makato ya mkopo wa benki au taasisi nyingine, na wangapi wamekaribia kikomo cha kubakiwa na theluthi moja ya mshahara. Kwenye mfano wetu, 38 kati ya 60 wanakatwa na taasisi nyingine, na 21 hawana tena nafasi ya makato mapya. Kitisho kinasomeka hivi: "Theluthi moja ya waombaji wa mikopo mwaka 2024 hawakuwa na nafasi ya makato kwa sababu ya mikopo ya taasisi nyingine (sampuli ya slipu 60 kati ya maombi 180)." Hapo mpango unaweza kujiuliza swali la maana: je, chama kianzishe mkopo wa kununua madeni ya nje, au kielekeze nguvu kwa walimu wapya ambao slipu zao bado ni nyeupe?

Angalizo juu ya mipaka ya ushahidi huu: slipu haionyeshi mikopo ya simu wala kausha damu, kwa sababu hiyo hailipwi kwa makato. Tena sampuli imetoka kwa waombaji tu, si kwa wanachama wote, na ambao hawakuomba huenda wamebanwa zaidi. Andika mipaka hiyo chini ya jedwali. Msomaji atakayeigundua mwenyewe ataacha kuziamini na namba nyingine.

Pale warsha inaposhinda

Tusiionee warsha. Leja haijui kwamba wanachama wanaogopa kwenda ofisini kwa sababu ya lugha ya mtumishi mmoja. Haijui kwamba walimu wa shule za mbali wanatumia nauli ya elfu 12 kufuata fomu. Haijui kwamba mwenyekiti na katibu hawaelewani. Mambo haya yanasemwa na watu, na mara nyingi ndiyo sababu ya namba zinazoshuka. Chama ambacho wanachama wake hai wameshuka kutoka asilimia 90 hadi 70 ya waliosajiliwa kinahitaji kusikia kwa nini, na jawabu hilo halimo kabatini.

Kwa hiyo chama chenye hesabu zilizokaguliwa kifanye rekodi kwanza, kisha kikao kifupi. Washiriki wapewe kurasa 2 za matokeo siku 5 kabla, na kikao kiulize "kwa nini" badala ya "mnaonaje". Maoni ya kikao yaingie kama ushahidi pia, yakitajwa yalivyo: "wanachama 9 kati ya 14 wa shule za kata tatu za mbali walisema…" Hiyo ina uzito kuliko "imebainika kwamba". Wasioweza kusema mbele ya bodi waandike kwenye vikaratasi visivyo na majina, au wasikilizwe katika kikao kingine ambacho bodi haimo.

Chama kipya, au kile ambacho leja zake hazijafungwa miaka miwili, kianze na warsha. Hapo kukosekana kwa hesabu ndio udhaifu wa kwanza wa kuandika, na taarifa ya mkaguzi au barua ya Afisa Ushirika ndiyo ushahidi wake. Kisichofaa ni kukisia namba ili jedwali lijae. Vikundi vya kijijini visivyo na rekodi kabisa vinaweza kutumia mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo halmashauri zimeitumia kwenye mipango ya vijiji, yenye kuchora ramani na kupanga kalenda ya misimu pamoja na wananchi. Ila "vikwazo" vya mbinu hiyo huchanganya vya ndani na vya nje, kwa hiyo mkihamishia matokeo yake kwenye visanduku vinne, kila hoja ipitishwe tena kwenye kile kipimo cha "chama kingefungwa kesho".

Namna ya kuiweka kwenye karatasi

Miraba minne ukurasa mmoja inapendeza, lakini haina nafasi ya ushahidi, na ndiyo maana watu huishia kuandika maneno matatu matatu. Tunapendelea jedwali lenye safu nne: hoja, ushahidi na tarehe yake, hati ilikotoka, na maana yake kwa mpango. Safu ya mwisho ndiyo chujio. Hoja ambayo huwezi kuijazia maana, iondoe hata kama ina ushahidi mzuri. Hati safi ya mkaguzi kwa miaka 3 ni jambo jema. Kama hamna mnachokusudia kukifanya kwa kuitumia, kwa mfano kuomba mkopo wa nje, ibaki kwenye maelezo ya chama.

Hoja 4 hadi 6 kwa kila kisanduku zinatosha. Warsha hutoa 40 au 50, na kuzipunguza kwa kura kuna hatari, kwani kura huangusha hoja zinazowagusa wachache au zinazowakera viongozi. Punguza kwa kuuliza ipi ina ushahidi, kisha ipi ina maana kwa mpango. Zile zisizo na ushahidi lakini zimesemwa kwa uzito, ziandikeni kwenye kiambatisho kama mambo ya kuchunguza mwaka wa kwanza, na mtaje nani atachunguza.

Mwisho ni tarehe. Mpango ulioanza kuandikwa Februari hupitishwa na Mkutano Mkuu miezi mingi baadaye, na mkopo mmoja mkubwa ukichelewa katikati, ile asilimia 11 si 11 tena. Chagueni tarehe moja ya takwimu zote, kama 31 Desemba, iandikeni juu ya jedwali, na msichanganye namba za mwezi mwingine ndani yake. Wiki mbili kabla ya Mkutano Mkuu, mtunza hesabu ahesabu upya namba mbili tu, wanachama hai na mikopo iliyochelewa, kisha aziweke kwenye ukurasa mmoja wa nyongeza pembeni ya zile za zamani.